Zahanati yenu mnaipa alama ngapi?

Safari hii safu yetu inakwenda kijijini, moja kwa moja hadi kwenye benchi la zahanati. Tunataka kujua mgonjwa aliyekaa pale tangu asubuhi anawezaje kuipima huduma anayopewa, na kipimo chake kikabadili kitu.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Ukaguzi wa kijamii huanza na karatasi. Wananchi huchukua hati za mradi, tuseme ankara ya mabati mia moja ya shule, kisha huenda shuleni wakayahesabu mabati yaliyopo juu ya paa. Shirika la MUHURI la Mombasa lilifanya kazi ya namna hii mwaka 2007, lilipowashirikisha wakazi wa Changamwe kukagua miradi ya mfuko wa maendeleo ya jimbo, kwa mbinu zilizotoka Rajasthan, India. Swali la ukaguzi huu ni: pesa imefanya nini? Kadi ya alama ya jamii, ambayo shirika la CARE liliibuni Malawi mwaka 2002, ina swali jingine: huduma tunayoipata ikoje? Hii kadi ndiyo tutakayoizungumza leo.

Kadi huanza kwa mikutano midogo. Wanawake hukaa peke yao, vijana peke yao, wanaume peke yao. Hii si adabu tu. Msichana aliyetukanwa na mhudumu siku ya kujifungua hatalisema hilo mbele ya baba mkwe wake. Kila kundi hutaja yanayolisumbua, kisha malalamiko hugeuzwa kuwa vigezo vinavyoweza kupewa alama, kwa mfano muda wa kusubiri, lugha ya wahudumu, au upatikanaji wa dawa. Kila kigezo hupewa alama, mara nyingi kutoka 1 hadi 5, na pembeni huandikwa sababu. Wahudumu nao, katika kikao chao, hujipa alama wenyewe. Baadaye pande zote mbili hukutana ana kwa ana.

Tuchukue mfano. Kigezo ni muda wa kusubiri. Wanawake wametoa 2, wahudumu wamejipa 4. Mtu anaweza kudhani kuna upande unaodanganya, lakini wakiulizwa sababu, mambo hufunguka. Mama amefika saa kumi na mbili asubuhi na anahesabu tangu alipokaa benchini. Muuguzi anahesabu tangu alipoandika jina la mgonjwa daftarini, saa nne, kwa sababu kuanzia saa mbili alikuwa peke yake akifanya usafi na kupanga chanjo. Wote wawili wamesema kweli. Sasa wana jambo la kupanga: nani afanye usafi ili muuguzi aanze mapema, saa ya kuanza ibandikwe mlangoni, na wagonjwa wapewe namba ili anayefika mwisho asiingie wa kwanza kwa kujuana. Mpango huandikwa pamoja na jina la mhusika na tarehe, na baada ya miezi sita watu hukutana tena kutoa alama upya.

Je, kazi hii inaleta tofauti? Jaribio linalotajwa sana lilifanyika Uganda na watafiti Martina Björkman na Jakob Svensson. Walichagua vituo 50 vya afya vya serikali vijijini, katika wilaya 9. Nusu ya vituo, waliopangwa kwa bahati nasibu, waliletewa mikutano ya aina hii mwaka 2005, na nusu nyingine waliachwa kama walivyokuwa. Kabla ya mikutano, watafiti walikusanya takwimu za kila kituo na kuziwasilisha kwa wanakijiji kwa lugha zao. Serikali haikuongeza fedha kwa ajili ya jaribio hilo. Baada ya mwaka mmoja, vituo vilivyofanya mikutano vilikuwa na utoro mdogo wa wahudumu, masanduku ya maoni na kadi za namba za kusubiri. Wagonjwa wa nje walikuwa wameongezeka kwa asilimia 20, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 33 vikilinganishwa na vijiji vya upande wa pili.

Baadaye, katika vijiji vingine vya Uganda, watafiti walijaribu mikutano ileile lakini bila kuwapa watu zile takwimu za kituo chao. Matokeo hayakubadilika. Sababu yake ilionekana kwenye mipango iliyoandikwa. Watu wasio na takwimu walijaza mipango yao mambo ya kuomba kutoka juu: jengo jipya, wahudumu zaidi, dawa zaidi. Waliokuwa na takwimu walizungumzia yaliyokuwa mikononi mwao, kama vile mhudumu kutokuwepo kazini na mgonjwa kusubiri mno. Takwimu ndizo zilizowaonyesha jinsi kituo chao kinavyofanya kazi kikilinganishwa na vituo vingine. Bila jambo la kulinganisha, umaskini wa kituo huonekana kuwa ndio maelezo ya kila kitu.

Lakini tusishangilie mapema. Jaribio kubwa zaidi, la vituo 376 katika wilaya 16 za Uganda, lilifuata mbinu inayofanana na ile ya kwanza. Ubora wa matibabu na kuridhika kwa wagonjwa vilipanda kidogo. Idadi ya wagonjwa waliofika vituoni haikuongezeka, na vifo vya watoto havikupungua kwa sababu ya mikutano. Maelezo mojawapo ni kwamba hali ya afya nchini ilikuwa imebadilika, na vifo vya watoto vilikuwa vimeshashuka sana tangu wakati wa jaribio la kwanza. Kadi huziba pengo ambalo watu wawili wanaokutana wanaweza kuliziba. Pengo likiwa mahali pengine, kwa mfano bohari ya dawa ya wilaya iko tupu, wanakijiji na muuguzi wataandika mpango mzuri na bohari itabaki tupu.

Kwa hiyo ukikabidhiwa ripoti ya kadi ya alama, iwe darasani au mazoezini, usianze kutazama alama. Tazama mpango. Ukikuta kila mstari unaanza na "serikali ituletee", kadi hiyo imekufa, hata kama mkutano ulijaa watu. Tazama kama sababu zimeandikwa, kwa maana 2 isiyo na sababu haimfundishi muuguzi lolote. Tazama kama alama za wanawake zimewekwa peke yake au zimechanganywa na za wanaume hadi zikapotea katika wastani. Na uliza nani atarudi baada ya miezi sita. Mara nyingi mradi wa wafadhili umekwisha na mganga aliyetia sahihi amehamishwa. Ikiwa kamati ya zahanati haina nakala ya mpango ule, mganga mpya atakapofika hakuna atakayemwonyesha alichoahidi mwenzake, na yule mama ataendelea kufika saa kumi na mbili.