Matumizi Yahesabiwe Mbele ya Wote Wawili

KIBARAZANI
Na Mwanaidi Kombo

Qurani yenyewe, katika Suratun-Nisaa aya ya 129, imeshasema kuwa mwanamume hawezi kuwafanyia wakeze uadilifu kamili hata akikazana vipi. Masheikh hueleza kuwa hapo ni habari za moyo. Chakula, mavazi, malazi na zamu ya usiku havimo katika msamaha huo; vinahesabika, na mume atadaiwa. Basi mwanamke anayeishi ua mmoja na mke mwenzie asijichoshe kupima nani anachekewa zaidi. Nguvu zake aziweke kwenye vinavyohesabika.

Aanze na pesa ya matumizi. Chukua fundi magari wa Tanga: bi mkubwa ana watoto wanne, bi mdogo ana mmoja. Kila asubuhi anaacha shilingi 14,000, nusu kwa nusu, kisha anaondoka akijiona mwadilifu. Lakini jiko moja lina midomo mitano na la pili lina miwili. Kwa bi mkubwa kila mdomo unaangukiwa na shilingi 1,400, kwa bi mdogo 3,500. Jioni huku mchicha, kule samaki wa kukaanga, harufu inavuka ua, na watoto wanaanza kumwita mama yao mdogo majina. Hakuna aliyeiba. Hesabu ndiyo mbovu.

Agawe kwa vichwa: 2,000 kila mmoja, yaani 10,000 kwa bi mkubwa na 4,000 kwa bi mdogo. Hapo bi mdogo ataona elfu kumi kule na elfu nne kwake, atalia kuwa ameonewa, na akiachwa akae na hesabu hiyo peke yake ataamini hivyo mpaka kesho. Ndiyo maana hesabu hufanywa mara moja, wote wawili wameketi, baba akitaja vichwa kimoja kimoja. Na kuna kichwa ambacho kila mtu hukisahau, cha baba mwenyewe. Asipoacha kitu kwa ajili ya sahani yake, mwenye zamu anamlisha kutoka vinywani mwa wanawe. Aongeze 2,000, zifuate zamu: leo huku, kesho kule. Jumla 16,000. Kama hana, waambiwe wote wawili kwamba hana, na fungu la kila kichwa lipungue.

Vichwa lakini si kipimo cha kila kitu. Ada na daftari hufuata mtoto, dawa humfuata mgonjwa. Doti ya khanga ya Idi ni ya mke kama mke, kwa hiyo ni sawa kwa sawa, hata kama mmoja ana watoto kumi.

Nimeona waume wanaomwachia bi mkubwa fungu zima amgawie mwenzie. Wanadhani wanamheshimu mkubwa. Wanachofanya ni kumgeuza mke mmoja mwombaji wa mwingine, na chumvi ikiisha ni lazima abishe hodi kwa mwenzie. Kila mwanamke apokee chake mkononi au kwenye simu yake. Vivyo hivyo mlango: katika fiqhi mke ana haki ya makazi yake mwenyewe anayoyafunga, pamoja na jiko na choo, na kuchangia ni kwa ridhaa yake. Luku moja kwa nyumba mbili, huku mmoja akiwa na friji ya kuuzia barafu, nayo ni kesi inayosubiri siku yake.

Sasa kiwanja. Hapa ndipo wanawake wa rika langu huniudhi, maana hugombea samaki na kuusahau ukuta. Katika mirathi ya Kiislamu, mume akifa na kuacha watoto, wake wote kwa pamoja hupata thumni, yaani moja ya nane. Wakiwa wawili, kila mmoja ana moja ya kumi na sita. Bi mkubwa aliyeuza vitumbua miaka kadhaa kununua matofali, bila karatasi yoyote, atakuta nyumba nzima inahesabiwa kuwa ya marehemu. Mchango wake uandikwe mume akiwa hai na mwenye afya: risiti, na makubaliano yenye saini mbele ya mashahidi. Kama mume anampa nyumba, iwe hiba, na akabidhiwe kweli.

Bi mdogo naye asione karatasi hiyo ni silaha dhidi yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 57, inawapa wake hadhi na haki sawa. Kuja wa pili hakumpunguzii kitu. Na kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Afisa wa mkopo akija uani na fomu ya mke mmoja, wa pili aseme pale pale kuwa naye anaishi humo, na mwenzie amsindikize kusema.