BTC.D ikishuka, usikimbilie altikoini bado

Hela za korosho zikianza kuingia tu, kwenye magrupu ya wasapu ya Masasi na huku Newala hakosekani mtu wa kuandika "BTC.D inashuka, hamieni altikoini". Mimi sikubaliani.

BTC.D ni asilimia tu. Inaonyesha kwenye thamani ya sarafu zote za kidijitali, bitikoini peke yake imebeba kiasi gani. Wanasema hela huanza kwa bitikoini, ikipanda wenye faida wanahamia sarafu ndogo, na asilimia inashuka. Imeshatokea kweli. Januari 2021 ilikuwa karibu 70, Mei ikawa kama 40, na altikoini zilipaa. Watu wanasubiri hiyo irudi.

Tatizo ni kwamba asilimia inashuka kwa njia zaidi ya moja. Tuseme soko lote ni shilingi 100: bitikoini 60, nyingine zote 40. Bitikoini ikibaki 60 na nyingine zikafika 50, BTC.D inakuwa kama 55. Hapo sarafu ndogo zimepanda kweli. Lakini bitikoini ikianguka hadi 48 na nyingine zikashuka hadi 38, BTC.D ni kama 56. Mstari kwenye chati unashuka karibu vilevile, ila mwenye altikoini kala hasara. Tena ndani ya hizo "nyingine" imo USDT, ambayo inafuata bei ya dola. Watu wakiuza bitikoini kwa woga wakakaa na USDT, BTC.D inashuka pia.

Mimi iliniuma msimu wa korosho wa 2024. Novemba BTC.D ilikuwa juu ya 60, mwanzoni mwa Desemba ikawa kama 55. Vitenge vilikuwa vinatoka, nikachukua laki nne ya kuagizia mzigo, nikanunua sarafu ndogo tatu. Safari ile zilikuwa zimepanda kweli, ila mimi nilinunua zikiwa zimeshafika juu. Februari BTC.D ikarudi juu ya 60, laki nne yangu ikabaki laki na nusu. Wateja wanaulizia vitenge vipya, sina cha kuwapostia.

Siku hizi nafungua chati tatu kwa pamoja. BTC.D iwe inashuka, TOTAL2 (thamani ya zote bila bitikoini) iwe inapanda, na USDT.D iwe inashuka, ambayo huchukuliwa kama dalili kwamba watu wanatoa dola zao kununua. Hata hapo TOTAL2 imejaa ethereum, kwa hiyo inaweza kupanda na kasarafu kako kakalala palepale. Na BTC.D ikianza kupanda huku TOTAL2 inashuka, nauza siku hiyohiyo, hata kwa hasara. Hela ya mzigo haiingii humo tena.