AFYA NYUMBANI: Usiku wa Maumivu ya Mifupa



Baba mmoja wa Walikale ametuletea swali. Mwanawe ana ugonjwa ambao wauguzi wetu huuita drepanositozi, au SS kwa kifupi, na ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita selimundu. Anauliza: “Maumivu yakimshika usiku, tumfanyie nini? Na tutajuaje kwamba nyumbani hapatoshi tena?” Swali hilo lina sehemu mbili, na ile ya pili ndiyo inayosahauliwa mara nyingi.

Kwanza tuone maumivu yenyewe yatoka wapi. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo, tena laini, nazo hupenya katika mishipa iliyo myembamba kabisa. Chembe za mgonjwa huyu zikikosa oksijeni, au zikipungukiwa na maji, hujikunja kama mundu na kuwa ngumu. Hapo hukwama katika mshipa mwembamba kama magogo yanavyokwama chini ya daraja. Nyama na mfupa ulio mbele ya kizuizi hukosa damu, nao huuma vikali sana. Basi si baridi yabisi, si uvivu wa mtoto anayekataa kutembea, wala si mshale wa mchawi. Katika mtoto mchanga dalili ya kwanza mara nyingi ni mikono na miguu kuvimba.

Mambo yanayozikunja chembe hizo ni baridi, kiu, homa na uchovu mwingi. Sasa itazameni nchi yetu. Masisi ni milima na malisho, na usiku wake ni wa baridi. Walikale ni msitu, joto na mbu, na malaria huko haina msimu wa kupumzika. Mtoto wa SS ana adui wake katika kila upande, na safari ya kutoka upande mmoja kwenda wa pili humkutanisha nao wote wawili.

Tuchukue mfano. Mvulana wa miaka 7, mwenye kilo 20, ametoka Walikale kwenda kumwamkia nyanya yake karibu na Masisi. Wamepanda pikipiki mchana kutwa. Hakunywa maji ya kutosha, kwa sababu mamaye hakutaka wasimame kila mara njiani. Karibu na Nyabiondo mvua imewanyea. Saa 2 usiku mtoto anaanza kulia: miguu yote miwili inauma, na mgongo pia.

Mama asikimbilie dawa kwanza. Achukue kipimajoto, maana parasetamoli hushusha homa, na ukiitoa kabla ya kupima umejifunika macho mwenyewe. Kipimajoto chaonyesha 37.4. Kisha amtazame mtoto kifuani akiwa ametulia, na kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima: ni 24. Amtazame ulimi na viganja kama vimepauka kuliko jana. Amguse tumbo chini ya mbavu za kushoto, mahali pa wengu. Mwisho amwambie, “Mwanangu, nionyeshe kwa vidole: kidole kimoja ni maumivu kidogo, vidole 10 ni maumivu yasiyovumilika.” Mtoto ainua vidole 7. Namba hiyo iandikwe katika daftari pamoja na saa, kwa sababu usiku ni mrefu na mtu mwenye usingizi husahau.

Hakuna ishara ya hatari; basi kazi yaweza kuanza nyumbani. Nguo zenye majimaji zivuliwe upesi, mtoto akaushwe, avishwe soksi na sweta, afunikwe blanketi. Godoro au mkeka usiguse udongo wenye unyevu. Wale waliokimbia vita na kulala chini ya turubai watandike majani makavu kwa unene kabla ya mkeka, maana baridi ya ardhi hupanda usiku kucha. Mahali panapouma pawekwe kitambaa cha uvuguvugu, au chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo. Mama aijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Kitambaa cha maji baridi kisiwekwe kamwe juu ya maumivu haya, hata kama mtu alisaidiwa nacho alipoteguka mguu.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa kuwa kosa moja huko milimani laweza kuua. Watu huingiza jiko la makaa chumbani, kisha hufunga mlango na dirisha ili mgonjwa apate joto. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, ambayo hushika mahali pa oksijeni ndani ya damu. Kwa mtu mzima ni hatari. Kwa mtoto ambaye chembe zake hujikunja zikikosa oksijeni, ni hatari maradufu. Jiko litumike nje kuchemsha maji, nalo libaki nje.

Wazee wengine watasema achanjwe chale, apigwe pembe, au miguu ifungwe kamba. Nyanya aliye mwema aweza kukasirika akikataliwa, lakini akataliwe kwa heshima. Chale hufungua mlango wa vijidudu katika mwili usio na ulinzi wa kutosha, na kamba huziba damu iliyokwisha kuzibwa. Akitaka kumsaidia mjukuu wake, ampake mafuta ya uvuguvugu na kumsugua polepole. Hilo ni jema, na mikono ya nyanya hutuliza.

Sasa maji. Mtoto wa kilo 20 anahitaji karibu lita moja na nusu kwa siku nzima. Hicho ndicho kipimo cha ile chupa kubwa ya plastiki ya maji inayouzwa madukani. Ijazwe maji yaliyochemshwa, nayo iwe ni kipimo cha siku. Maziwa, uji mwepesi na supu huhesabiwa pia. Anyweshwe kidogo kidogo, nusu kikombe kila baada ya muda, kwa maana ukimlazimisha kunywa yote kwa mara moja atatapika. Akiwa na homa au akiharisha, ataongezewa. Kasiksi na pombe nyingine hazimo katika hesabu hii, ziwe kwa kijana au kwa mtu mzima. Hizo huuondolea mwili maji. Tena msidanganyike na mkojo. Figo za mgonjwa wa SS mara nyingi hazijui kubana maji, hivyo mkojo waweza kuwa mweupe hali mtoto ana kiu kweli. Tazameni midomo na ulimi. Mkojo mweusi kama chai kali ni jambo jingine: ni alama kwamba damu inavunjika, na muuguzi aambiwe.

Dawa za maumivu nyumbani ni mbili, nazo zaweza kwenda pamoja. Parasetamoli: kwa mtoto huyu nusu ya kidonge cha miligramu 500, kila saa 6, wala isizidi mara 4 kwa siku. Ibuprofeni: kidonge kimoja cha miligramu 200, kila saa 8, baada ya chakula au uji. Watoto wa uzito mwingine wapimiwe na muuguzi kabla ya siku ya maumivu. Ibuprofeni isipewe mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kutapika sana au asiyekojoa, wala mama mjamzito. Aspirini si ya watoto. Diklofenaki ni ndugu wa ibuprofeni. Mtu asizimeze zote mbili. Tramadoli inayouzwa sokoni bila cheti mtoto asipewe hata kipande, kwa maana yaweza kumzuia kupumua.

Dawa itolewe kwa saa, si kwa kilio. Mama wetu ametoa zote mbili saa 2 usiku baada ya uji. Saa 3 mtoto ainua vidole 5. Saa 8 usiku amwamshe kwa parasetamoli, na saa 10 alfajiri kwa ibuprofeni, hata kama mtoto amelala. Kungoja maumivu yarudi na kupanda ndipo utoe dawa ni kuanza upya. Kama saa ya kwanza ingalipita na vidole vikabaki 7 au zaidi, angaliondoka usiku ule ule ikiwa njia ni salama, la sivyo mapambazuko. Nguvu ya dawa ya nyumbani ingalikuwa imekwisha. Hospitalini wana mofini, ambayo ikitolewa na mwenye kujua ni dawa halali ya maumivu haya.

Kesho yake vidole ni 3, na mtoto anaomba ndizi. Nyumba nzima inafurahi, na daftari linawekwa pembeni. Hapo ndipo penye mtego. Siku ya 3 jioni anaanza kukohoa, naye analala upande mmoja kwa kuwa kifua chamchoma. Pumzi ni 38 kwa dakika, ambapo mtoto wa umri wake aliyetulia hapaswi kupita 30. Kipimajoto ni 38.6. Mapafu yanashambuliwa. Jambo hili hupenda kutokea siku mbili tatu baada ya maumivu ya mifupa kuanza, hasa mtoto akilala bila kuvuta pumzi ndefu kwa kuogopa mgongo. Kwa sababu hiyo yafaa, tangu siku ya kwanza, aketishwe kila saa 2 mchana na kuvuta pumzi ndefu mara 10; apulize mapovu ya sabuni, ataona ni mchezo.

Lakini sasa si wakati wa mapovu. Huyu hangoji asubuhi, wala hatibiwi kama mwenye mafua. Anahitaji oksijeni, dawa za kuua vijidudu, kipimo cha malaria, na pengine damu. Muuguzi wa kituo cha afya asimzuie. Amwandikie barua na kumpeleka katika hospitali kuu, iwe ya Masisi, ya Mweso au ya Walikale, kulingana na njia iliyo wazi siku hiyo.

Hali kadhalika kila homa ya 38.5 au zaidi kwa mgonjwa wa SS ni safari, hata kama hana maumivu yoyote. Mtoto akipauka ghafula na wengu likavimba, damu yake inajificha ndani ya wengu, naye aweza kufa kwa saa chache. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakipotea, au degedege likimshika, mshipa wa kichwa umeziba. Kijana ambaye uume wake umesimama kwa maumivu kupita saa 2 asione haya kumwambia babaye, naye baba asimcheke. Mama mjamzito mwenye SS akishikwa na maumivu asikae nyumbani hata kidogo.

Nasi tunaoishi mbali, mwendo wa siku nzima kwa pikipiki au kwa machela, hatuwezi kungoja kama wakaao karibu na hospitali. Mwenye njia ndefu aondoke mapema: maumivu yakipungua lakini yakarudi kabla ya saa ya dawa, afunge mzigo. Mzigo wenyewe utayarishwe tangu sasa, utundikwe ukutani: blanketi, chupa ya maji, kipimajoto, karatasi yenye kundi la damu, na lile daftari lenye saa za dawa na hesabu ya vidole. Majina ya jamaa wawili wenye kundi la damu linalofaa yaandikwe humo pia, nao waambiwe kabla ya usiku kuingia.