Mwili hauonekane, lakini watoto wanakula kila siku

Wandugu na wadada wa Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, leo tunasema juu ya ba mama wenye kuzungushwa kati ya komini na CNSS mpaka viatu vinaisha.

Baba alikuwa na kazi. Feza ya CNSS ilikatwa kwenye mushahara wake kila mwezi. Siku moya akaenda kazini, hakurudi tena. Mama anaenda kuuliza haki ya watoto, kule wanamuomba akti ya kifo. Anaenda komini, kule wanamuomba karatasi ya hospitali. Mwili hauko, basi karatasi haiko. "Rudi nyumbani, ungoje." Angoje nini? Mwenye nyumba yeye hangoji.

Tunasema wazi: sheria ya inchi haimuombi kungoja hivyo. Kode ya familia ya 1 Agosti 1987, yenye kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inatenganisha mambo mawili. Kuna mutu mwenye kutoka kwake na habari zake zikakatika, bila alama ya hatari. Huyo tribinali inamutafuta, inatangaza, inangoja. Ni njia ndefu. Na kuna mutu mwenye kupotea ndani ya hatari, kama vile mashua kuzama ao shimo kubomoka, na mambo yenyewe yanaonyesha kifo ni hakika hata kama mwili haukupatikana. Kwa huyo, tribinali inaweza kutoa hukumu ya kutangaza kifo. Hukumu inaandikwa katika buku la vifo, na inashika nafasi ya akti.

Ubaya unaanzia kwenye karatasi ya kwanza. Mama anaenda polisi akilia, wanaandika tu "hajulikane aliko". Neno lile linamutupa katika njia ndefu, wakati njia yake ni ile ingine.

Tuchukue mfano. Dereva wa kampuni anatumwa kuvusha mizigo kwenye Ziwa Moero, mashua inazama. Karatasi ya polisi iseme mashua gani, siku gani, saa gani, na nani alimuona ndani yake. Wenye kupona waandikishe ushahidi na majina yao. Kampuni itoe karatasi ya kumutuma. Na kampuni itangaze kwa CNSS kama ajali ya kazi. Hapo njo penye wengi wanaibiwa: kampuni ikinyamaza, dosie inapita kama kifo cha kawaida, na hapo wanahesabu kwanza marehemu alilipa miaka ngapi. Kwa ajali ya kazi hawamupimi mujane hivyo.

Watasema: "Jina lake haliko kwenye liste ya wasafiri." Wakati MV Merdi ilizama karibu na Goma tarehe 3 Oktoba 2024, mashua ilibeba watu kupita kipimo chake. Liste ya mashua kama ile haiwezi kuwa ushuhuda wa mwisho. Mwenye kujaza mashua kupita kipimo ana kosa, mujane hana.

Tena kuna ndoa. Wengi walioana kwa mila, mali ikatolewa, wazee wakakula, lakini komini haikuandika. Sasa bwana hayuko ili waende kuandikisha pamoja. Mama anapaswa kwenda tena tribinali kuhakikisha ndoa, na ba shemeji wenye wanataka nyumba njo wale wale wanaitwa kushuhudia! Vijana, tuende na ba mama zetu komini wakati baba wangali wazima.

Tusidanganyane kwamba bila mwili hakuna kifo. Fidèle Bazana, dereva wa Floribert Chebeya, alipotea Kinshasa tarehe 1 Juni 2010. Mwili wake jamaa haijarudishiwa. Lakini mwaka 2022 Korti Kuu ya kijeshi ilihukumu maofisa katika kesi ya mauaji ya wote wawili. Kama mahakama inaweza kutoa hukumu ya mauaji bila mwili, namna gani gishe inashindwa kumuandikia mujane?

Wengine wanaogopa: kutangaza ni sawa na kumuua. Hapana. Akionekana muzima, hukumu inavunjwa. Na matanga, jamaa itafanya siku moyo wake utakubali. Karatasi haiamuru machozi.

Basi tunadai:

1. Kisha kila ajali kubwa, parke yenyewe ipeleke ombi tribinalini kwa wote wasioonekana, bila kungoja kila mujane atafute feza ya avoka.

2. Komini iache kumufukuza mutu kwa mudomo. Ikikataa, iandike sababu, iweke mupira (sinyatire na kashe), ili mama awe na kitu cha kuonyesha mbele ya juji.

3. CNSS ifungue dosie siku ombi linaingia tribinalini, karatasi zingine zifuate.

4. Kampuni yenye kuficha ajali ya kazi ifuatwe na ikaguzi wa kazi.

Sheria ya CNSS nayo ilitiwa sahihi tarehe 15 Julai 2016, siku ile ile moya na marekebisho ya Kode ya familia. Zilizaliwa siku moya, lakini kwenye gishe hazisalimiane. Feza ile si sadaka ya serikali. Ni jasho la baba yao.