Faili la Mtoto Kabla ya Daktari Mpya

Kuna ndoa zinazotikiswa na neno moja lililoandikwa kwenye daftari la hospitali. Tuchukue mfano wa wanandoa wa Kilosa. Mtoto wao ana miaka 9, na wamepata miadi Dar es Salaam kwa daktari mpya wa mishipa ya fahamu. Mfuko wa rambo umejaa kadi ya kliniki, madaftari manne na ripoti za shule. Karibu kila karatasi inasema mtoto ana kifafa. Mawifi nao hawakai kimya: "Hayo ni ya upande wa mama yake."

Daktari hatasoma mfuko mzima. Mtampa ukurasa mmoja. Basi kaeni mezani wawili, mmoja asome, mwingine aandike. Pangeni karatasi zote kwa tarehe, kuanzia ya zamani, kisha mlitafute lile neno lilipoandikwa kwa mara ya kwanza.

Kwa mtoto huyu, ukurasa wa Machi 2018, akiwa na miaka 2, unasema: joto 39.6, kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha malaria, alipata degedege kama dakika tatu. Novemba 2019 degedege tena, na joto kali tena. Kifafa hakijatajwa popote. Mwaka 2021, kituo kingine kinaandika "ana kifafa" na kumwanzishia fenobabitoni. Mwaka 2023 imekuwa "kifafa, mzito wa akili". Mwaka 2024, eti "kifafa tangu kuzaliwa".

Umeona ilivyokua? Karatasi ni nyingi, lakini chanzo ni kimoja. Aliyeandika 2024 alinakili ya 2023, na wa 2023 alinakili ya 2021. Neno likirudiwa mara sita halijathibitishwa mara sita. Na degedege la homa, ambalo huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, peke yake si kifafa. Kwa kawaida kifafa husemwa pale mtu anapopata angalau vipindi viwili vilivyopishana kwa zaidi ya saa 24, bila homa wala sababu nyingine ya karibu.

Sasa gaweni ukurasa sehemu tatu. Ya kwanza ni yaliyoonwa au kupimwa: tarehe, nani aliona, aliona nini, kipimo gani. Ya pili ni yanayosemwa: neno lenyewe, nani aliliandika kwanza, na kama kuna kipimo nyuma yake. Ya tatu ni yasiyojulikana. Hapo wataandika, "Hatujaona popote majibu ya kipimo cha umeme wa ubongo."

Hapa ndipo wazazi wengi huteleza. Wakishahisi kwamba mtoto alisingiziwa, hufuta kila kisichowapendeza. Ripoti ya shule ya 2023 ina sentensi mbili. Moja inasema mtoto ni mzito wa kuelewa. Hiyo ni tafsiri ya mwalimu, iende sehemu ya pili. Nyingine inasema: "Mara mbili alikodoa macho, akaitwa asiitike, kisha akaendelea kuandika." Huyo mwalimu aliona kwa macho yake. Iende sehemu ya kwanza, hata kama inawauma, kwa sababu inaweza kuwa kifafa cha aina isiyoangusha mtu. Mpigieni mwalimu simu, muulizeni ilichukua sekunde ngapi na kama mtoto alikuwa na homa.

Tazameni pia tarehe za dawa. Mtoto alianza kusinzia darasani mwaka 2022, baada ya kuanza fenobabitoni, dawa ambayo huweza kuleta usingizi na kupunguza umakini. Msiandike "dawa ndiyo imemfanya mzito". Andikeni tarehe mbili zikiwa jirani, daktari ataona mwenyewe. Andikeni na kipimo cha dawa anachotumia sasa, na kamwe msiikatishe wenyewe kwa kuwa mmeanza kuwa na shaka. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege baya.

Kama kuna daftari limepotea, semeni limepotea. Waliokumbwa na mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 wanajua karatasi zinavyoondoka na maji. Pengo lililoandikwa ni bora kuliko pengo lililozibwa kwa kumbukumbu za bibi. Karatasi halisi nazo bebeni, zikiwa na namba zile zile mlizoziandika kwenye ukurasa.

Na yale maneno ya mawifi? Yana nafasi yake pia, sehemu ya pili: "Inasemekana upande wa mama kuna kifafa. Tumeuliza pande zote mbili. Hakuna aliyeweza kumtaja mgonjwa."