Anayelalamikia Simu Hana Wivu

Jumamosi kwenye kicheni pati, kungwi alishika kipaza sauti akamwambia mwali: "Mumeo akiwa na simu, mwache. Mke anayelalamikia simu ana wivu." Ukumbi ukapiga vigelegele. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo haijaniisha.

Wivu wa nani? Mwanamke anamweleza mumewe kwamba mama yake amelazwa, mume anaitikia "eeh" huku kidole kinapandisha video. Awe anatazama mechi au bei ya mbao, kidonda ni kilekile: mke amezungumza na mtu asiyekuwepo. Eti hata baba zetu walisoma gazeti mezani! Gazeti lilikuwa na ukurasa wa mwisho. Video zikiisha, simu inaleta nyingine bila kuombwa. 

Kungwi angemfundisha mwali kusema, maana kusema kuna ufundi. Mwaka 1999 watafiti Sybil Carrère na John Gottman walichapisha utafiti wao kuhusu jozi 124 za wanandoa wapya wa Marekani. Dakika tatu za mwanzo za mazungumzo ya ugomvi zilitosha kuashiria ndoa zipi zingevunjika miaka iliyofuata. Mwanzo ndio unaoamua.

Sasa tazama mwanzo wetu: "Wewe kila saa simu!" Hapo umeshashindwa. Mume hatajibu maumivu yako, atajibu "kila saa": "Jana mbona sikuishika?" Mnabaki kubishana kuhusu jana. "Nahisi unanidharau" nayo haisaidii. Imeanza na "nahisi", lakini ni hukumu juu ya nia yake, naye atajitetea.

Subiri simu iwe chini na tumbo limeshiba. Taja tukio moja, ulivyojisikia, kisha omba jambo dogo linaloonekana: "Baba Neema, jana nilipokueleza habari za mama ulikuwa kwenye simu. Nilijisikia mpweke. Naomba tukiwa tunakula, simu zetu zikae kabatini." Zetu, si yako peke yake. Hakuna hapo cha kukanusha: tukio analikumbuka, na upweke ni wako.

Kama mumeo ni dereva au wakala wa kutuma pesa, kazi yake imo ndani ya simu. Mkubaliane milio ya kupigiwa ibaki, na akilazimika kujibu ujumbe atamke: "Ni mteja, dakika mbili." Akitamka, unajua yuko wapi na atarudi lini. Hizo dakika mbili zikizaa nusu saa kila jioni, si kazi tena, na una haki ya kulirudia ombi kwa maneno yaleyale.

Umeomba kwa upole, tena na tena, naye anakucheka? Basi shida si simu. Waiteni wazee mzungumze kuhusu ndoa, na kungwi yule asiwepo.