Siku ya macho Rasbura: nani apimwe, nani apelekwe hospitali

Siku ya kupima macho ikipangwa katika kata, mahali pa kwanza panapotajwa huwa ni shule. Watoto wameshakusanyika, daftari la mahudhurio lipo, na mwalimu mkuu akikubali kazi inaanza asubuhi hiyo hiyo. Kwa Rasbura, ndani ya Manispaa ya Lindi, mpango wa aina hiyo ungekuwa rahisi kuupitisha kwenye kikao. Lakini ushahidi uliokusanywa hapa hapa Tanzania unaonyesha kwamba ungeacha nyumbani watu wengi wanaohitaji huduma kuliko wale ambao ungewafikia.

Utafiti uliofanyika katika shule za msingi vijijini mkoani Mwanza, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba watoto wenye tatizo la kuona linalohitaji miwani walikuwa takriban 1 kwa kila 100. Miaka 6 baadaye yakatoka matokeo ya Kongwa, mkoani Dodoma, kuhusu watu wazima. Kati ya waliofikisha miaka 40 na kuendelea, zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa hawaoni vizuri vitu vya karibu kwa sababu ya umri, na ni wachache sana waliokuwa na miwani. Hao Rasbura wapo: fundi anayeshona nyavu, mama anayesuka ukili, mwenye duka anayeandika madeni ya wateja, mwalimu wa madrasa anayeshika msahafu kwa mkono ulionyooshwa mpaka mwisho. Wengi hawajioni kuwa wagonjwa. Wanasema umri umefika, kisha wanamwita mjukuu awatungie uzi.

Hii haina maana shule iachwe. Maana yake ni kwamba wataalamu wasimalize siku yao nzima kwa kupima watoto ambao karibu wote wanaona vizuri. Upimaji wa awali shuleni unaweza kufanywa na walimu wenyewe, wiki 1 au 2 kabla, kwa vifaa vinavyoingia kwenye mfuko mmoja: kadi ya herufi E zinazoelekea pande tofauti na kamba iliyopimwa kwa urefu ulioandikwa kwenye kadi, ambao kwa kawaida ni mita 6 au mita 3. Mtoto anaonyesha kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi, kwa hiyo hata wa darasa la kwanza anapimika. Mstari unaotumika sana kwa kazi hii ni wa 6/12, yaani herufi ambayo jicho zima huiona kutoka mita 12. Anayekosa kuziona herufi nyingi za mstari huo kwa jicho lolote anaandikwa jina.

Kosa la kawaida hapa ni dogo, na linaharibu matokeo yote. Mtoto anaziba jicho kwa vidole na kuchungulia katikati yake, au anaibonyeza mboni mpaka jicho linakuwa na ukungu linapofika zamu yake. Azibe kwa kiganja kilichokunjwa kidogo kama kikombe, bila kugusa jicho. Kadi nayo iwe kivulini penye mwanga wa kutosha na jua lisimpige mtoto usoni. Pia igeuzwe kila mara, kwa sababu walio kwenye foleni huwa wameshakariri majibu.

Walimu wanaiweza kazi hii, ila wasiachiwe neno la mwisho. Katika utafiti ule wa Mwanza, waliwagundua watoto 80 katika kila 100 wenye tatizo, na wakawapitisha kwa usahihi 91 katika kila 100 wasio na tatizo. Ni alama nzuri, lakini hesabu yake inafaa ifanywe kwa shule moja ya mfano. Tuseme ina wanafunzi 600, na 10 kati yao kweli hawaoni vizuri. Walimu watawapata 8. Wale 590 wazima, 9 katika kila 100 watafeli kipimo kimakosa, na hao ni kama watoto 53. Orodha inafika majina 61, na kati yao wenye tatizo ni 8 tu. Barua zikitumwa kwa wazazi wote 61 waende hospitali, familia zaidi ya 50 zitapoteza nauli na siku ya kazi bila sababu, na mwaka unaofuata hakuna atakayeitikia. Dawa yake ni kurudia kipimo. Siku yenyewe, muuguzi wa macho anawapima upya wale 61 peke yao, kazi ya saa chache, na barua anapewa yule anayefeli mara ya pili.

Shule za sekondari ni habari nyingine. Kadiri umri na masomo yanavyosonga, kutoona mbali kunaongezeka, na mwanafunzi asiyeona ubao anaathirika kila kipindi. Kama nafasi ni ya shule moja tu, sekondari itangulizwe.

Yupo pia mtoto ambaye hayumo kwenye daftari lolote. Asiyeona kabisa, au mwenye jicho jeupe, mara nyingi anakaa nyumbani. Wajumbe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waulizwe mapema, nyumba kwa nyumba, kama kuna mtoto wa namna hiyo, na aletwe hata kama ana miaka 2. Kadi ya E haimfai. Kinachotakiwa ni tochi na jicho la mtu aliyefundishwa.

Kwa watu wazima, msongamano hautokei pale inapodhaniwa. Kupima uwezo wa kuona mbali kunachukua kama dakika 3 kwa mtu. Wakija watu 200, mpimaji mmoja atahitaji saa 10, na watatu watamaliza kwa saa 3 na dakika 20. Mtaalamu wa kupima namba za miwani anatumia kama dakika 15 kwa kila mtu, hivyo kwa saa 6 anaona watu 24 tu. Foleni ikielekezwa yote kwake, wengi watarudi nyumbani jioni bila kuguswa. Ndiyo maana panahitajika kituo cha kuchuja katikati, na kifaa chake ni kipande cha kadi nyeusi chenye tundu dogo la kama milimita 1 hivi.

Aliyeshindwa mstari wa 6/12 anapewa kadi hiyo achungulie kupitia tundu, jicho moja moja. Akianza kuziona herufi, tatizo lake kwa kawaida ni la miwani, na huyo ndiye wa kwenda kwa mpima miwani. Akiendelea kutoziona, kuna jambo ndani ya jicho lenyewe, na ni wa kuonwa na muuguzi au daktari wa macho kwa tochi. Kwa mzee, mara nyingi kitakachoonekana ni mboni iliyogeuka kijivu au nyeupe, yaani mtoto wa jicho, ambao unatibika kwa upasuaji.

Aliyevuka 40 anayeona mbali vizuri ila karibu hawezi hahitaji foleni hiyo kabisa. Anakaa, anashika maandishi madogo umbali wa sentimita 40, au sindano na uzi kama hasomi, na anajaribishwa miwani ya kusomea iliyo tayari, kuanzia +1.00 hadi +3.00. Wa miaka 40 na kidogo huridhika na zile za chini, na aliyevuka 55 mara nyingi hufika +2.50 au zaidi. Kwa watu 200 wa umri huo, hesabu ya Kongwa inamwambia mpangaji abebe si chini ya jozi 120. Miwani hiyo asipewe mtoto. Mtoto anapimwa na mtaalamu, mara nyingi baada ya kutiwa matone ya kulegeza jicho, na anatengenezewa ya kwake.

Sasa wa kupelekwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine iko mjini Lindi humo humo, jambo ambalo vijiji vingi vya Kilwa na Liwale havina, kwa hiyo Rasbura haina kisingizio cha kuchelewesha walio wa haraka. Siku hiyo hiyo aende mwenye jicho jekundu linalouma na kuona kumeshuka, aliyechomwa na kitu au kuingiwa na kemikali, mwenye kidonda cheupe kwenye kioo cha jicho, na aliyepoteza kuona ghafla. Mtoto mwenye mboni nyeupe naye ni wa haraka. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa kansa ya jicho, ambayo ikicheleweshwa inaua. Huyo atahitaji kuvushwa hadi hospitali kubwa kama Muhimbili, na familia yake iambiwe hivyo waziwazi.

Kundi la pili linapewa tarehe: wenye mtoto wa jicho, wenye kope zinazoingia ndani na kukwaruza jicho, mabaki ya trakoma, watoto wenye makengeza, na kila mwenye kisukari, hata kama amesoma mistari yote. Mwenye kisukari anahitaji kuchunguzwa nyuma ya jicho kila mwaka, kwa sababu damu huanza kuvuja kule kabla yeye hajahisi chochote.

Siku hii ina upungufu ambao wananchi wana haki ya kuujua. Presha ya jicho hula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, na mgonjwa anaweza kufaulu kadi ya E huku ugonjwa umeshika. Kongwa ilionekana kwa watu kama 4 katika kila 100 waliofikisha miaka 40. Tochi na kadi haviioni. Kwa hiyo aliyefaulu asiambiwe kwamba macho yake ni mazima. Aambiwe kwamba anaona mbali vizuri, basi, na mwenye ndugu aliyepofuka kwa presha ya jicho apewe rufaa hata hivyo.

Bado kuna suala la gharama. Katika jaribio lililofanyika kwenye sekondari za Dar es Salaam, matokeo yakachapishwa mwaka 2008, wanafunzi waliopewa miwani bure walilinganishwa na waliopewa karatasi ya vipimo wakanunue. Baada ya miezi 3, karibu nusu ya kundi la kwanza walikuwa nayo shuleni. Kwa kundi la pili ilikuwa kama robo. Kumbe karatasi peke yake haitoshi, na hata miwani ya bure haimalizi kazi kama mzazi hakuelezwa na mtoto hakuchagua fremu anayoipenda.

Kwa sababu hizo, mpangaji wa Rasbura asianze kwa kutangaza tarehe. Aanze na mratibu wa huduma za macho wa mkoa, aulize wagonjwa wangapi wa mtoto wa jicho wanaweza kupokelewa, siku gani, na nani atalipia wasio na uwezo. Tarehe hiyo ikishapatikana ndipo ya upimaji ipangwe, wiki 1 au 2 kabla yake, nje ya Ramadhani na nje ya msimu wa kukusanya korosho. Kila anayepewa rufaa aandikwe kwenye daftari pamoja na namba ya simu ya ndugu atakayemsindikiza. Baada ya mwezi, mhudumu wa afya apite na daftari hilo, ahesabu walioenda na wasioenda, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa mtaa. Halmashauri na wafadhili wanaotaka kugharamia siku kama hii waombe kuonyeshwa hesabu hiyo kabla ya idadi ya waliopimwa.